Simu Kifudifudi: Ni Haki ya Nani Tunayoirejesha?



Ndugu zangu katika imani, muhula uliopita idara ya habari ya jumuiya yetu ilinipa kazi niliyoidhani ya saa moja. Niandike maneno ya video ya dakika mbili, ya kuwaalika wanafunzi Waislamu waweke simu zao chini kwa siku nzima, tangu magharibi ya Alhamisi hadi magharibi ya Ijumaa, wapate nafasi ya swala na ya familia. Dakika mbili za kusema bila haraka ni maneno kama 220 hivi. Nani anashindwa na maneno 220? Mimi yalinichukua wiki tano, na katikati ya wiki hizo nilimkosea dada yangu.

Rasimu ya kwanza niliiandika baada ya alfajiri na ikapendwa na kila mtu kwenye kikao. Ilikuwa na misemo ya kupendeza kuhusu kuzima simu na kuwasha moyo, na mwisho kulikuwa na kijana anayesujudu huku simu ikiwaka peke yake kitandani. Amiri wetu alisema jambo moja tu: tusiwaambie watu wafanye tusilolijaribu sisi. Basi Alhamisi iliyofuata sisi sita wa idara tukatia simu zetu ndani ya katoni ya biskuti, tukaifungia katika kabati la ofisi ya jumuiya, na ufunguo akapewa mweka hazina.

Sasa niwaeleze kwetu. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, nimekuja Uganda kusoma. Baba alifariki nikiwa sekondari. Mama yuko Buyenzi, na dada yangu mkubwa anafanya kazi za nyumbani kwa watu Maskati. Simu yake anaishika kwa utulivu akishamaliza kuosha vyombo, saa nne usiku kwao, ambayo kwetu ni saa tatu. Usiku ule alipiga mara nne. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, mwajiri anataka jibu asubuhi, na karatasi zilikuwa za Kiarabu. Alinitumia picha za kurasa mbili, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye ninayesoma Kiarabu. Ndiyo elimu yenyewe ambayo yeye anailipia ada.

Picha zile nilizifungua Ijumaa baada ya magharibi. Alikwisha kutia sahihi. Alikuwa anaamini atarudi nyumbani kwa likizo Ramadhani ijayo kama mkataba wa kwanza ulivyokuwa, lakini kipengele cha likizo kilisema ni baada ya miaka miwili kutimia. Nilipompigia na kumsomea, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua uko kwenye mapumziko yenu, mdogo wangu. Si kitu."

Ilikuwa kitu. Tangu siku ile nikaona rasimu yangu ilikuwa na uongo ndani yake. Ilimwambia mtazamaji aweke simu chini ili akae na familia, kana kwamba familia zote ziko sebuleni zikisubiri. Wengi wetu hapa tumevuka mpaka. Kuna mwenzangu ambaye wazazi wake wako Bunia, kuna wa Kigali, kuna wa Kigoma. Familia tunayohimizwa tukae nayo imo ndani ya simu. Kuifungia simu katika katoni kwa saa 24 ni kuwafungia mlango.

Swali basi halikuwa tena la simu kuwa nzuri au mbaya. Lilikuwa hili: ninapopumzika, ninairejesha haki ya nani, na ninaipunguza ya nani?

Nilirudi kwenye kisa ambacho kila mwanafunzi wa hadithi anakijua, kilichomo katika Sahihi ya Bukhari, cha Salman na Abu Dardaa, ambao Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaunganisha undugu. Salman alimtembelea nduguye akamkuta mke wake, Ummu Dardaa, amevaa nguo za kazi tu, hajali tena kujipamba. Alipomuuliza, mama yule akasema ndugu yako hana haja na dunia. Chakula kikaletwa, mwenyeji amefunga. Salman akakataa kula mpaka naye ale. Usiku mwenyeji akataka kuinuka kuswali, Salman akamwambia alale. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku akamwamsha, wakaswali wote wawili. Ndipo akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na watu wa nyumbani kwake wana haki, basi kila mwenye haki apewe yake. Habari ilipofika kwa Mtume, akamsadikisha Salman.

Tunapenda kukitumia kisa hiki kuwakemea wapenda michezo. Lakini tazameni Abu Dardaa alikuwa amezidisha nini. Alizidisha swala na saumu. Aliyekosa haki yake alikuwa mke, na aliikosa kwa jina la ibada. Mimi nilikuwa katika hali hiyo hiyo usiku wa katoni: nimekaa msikitini nasoma Kahf kwa msahafu wa karatasi, nimeridhika na nafsi yangu, na dada anapiga mara ya nne.

Na tazameni pia Salman alivyofanya. Hakumtolea mtu hotuba mlangoni. Aliuliza, akasikiliza, akakaa, akala, akalala pale pale, ndipo akasema. Video yangu ilikuwa inasema kabla ya kuuliza.

Baadhi ya wenzangu walipofika hapa walisema basi tuache, kila mtu na simu yake. Sikukubaliana nao, kwa sababu jambo lenyewe la kuvurugika ndani ya swala ni la kweli na Sunna imelishughulikia. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume aliswali akiwa amejitanda shuka yenye mapambo, iitwayo khamisa, jicho lake likayaangukia yale mapambo. Alipomaliza akaamuru irudishwe kwa Abu Jahm, aliyekuwa amemzawadia, na iletwe badala yake shuka yake nzito isiyo na nakshi. Wanachuoni wanaeleza kwamba aliomba ile nyingine ili Abu Jahm asijisikie zawadi yake imekataliwa.

Kisa hiki ni kifupi, lakini nilikikalia siku tatu. Kwanza, aliyeondoa kinachovuruga ni Mtume mwenyewe. Basi asijidai yeyote kati yetu kwamba yeye simu haimsumbui. Pili, hakusema nguo ziachwe. Aliondoa ile yenye nakshi, akavaa nyingine, akaendelea na maisha. Tatu, katika tendo lile lile la kulinda swala yake aliulinda moyo wa mtu. Mimi niliilinda swala, nikausahau moyo.

Kwa hiyo kazi ni kuitafuta nakshi. Katika simu yangu nakshi ni nini? Sauti ya dada yangu siyo. Nilikaa nikajichunguza kwa uaminifu, nikaona ni mambo mawili: makundi ya wasapu ya darasa, ambayo usiku hujaa vichekesho, na zile video fupi zinazofuatana zenyewe bila kuulizwa. Wewe huenda ni matokeo ya mpira, au kuangalia nani ameitazama stetasi yako. Kuna njia rahisi ya kujua. Ukitoa salamu upande wa kulia na wa kushoto, iangalie mikono yako. Sunna ni kuomba maghufira mara tatu kabla ya lolote. Kama mkono umefika mfukoni kabla ulimi haujamaliza ya tatu, na kidole kimekwenda chenyewe kwenye alama fulani ya kioo, hapo ndipo ilipo nakshi yako. Mimi nilijikamata hivyo adhuhuri nne mfululizo.

Jambo jingine lililonisumbua ni hiyo "siku nzima". Tuliitoa wapi? Katibu wetu wa habari alikuwa ameona kampeni za nje, nasi tukazifuata. Ukizichimbua, mojawapo iliyo maarufu ilianzishwa Marekani mwaka 2010 na kikundi cha Wayahudi kiitwacho Reboot, ambacho kiliichota moja kwa moja kutoka Sabato: toka machweo hadi machweo. Sisemi hivyo kuwatukana. Wamechukua cha kwao wakakipa sura mpya, na hakuna ubaya kujifunza kupumzika kutoka kwa jirani. Lakini Ijumaa yetu haikujengwa hivyo. Qur'ani inasema mbingu na ardhi ziliumbwa kwa siku sita na kwamba uchovu haukumgusa Muumba, kwa hiyo hatuna siku ya saba ya kuigiza mapumziko yake. Na katika sura ya 62 Waislamu wanaamrishwa waache biashara wanapoitwa kwa swala ya Ijumaa. Kisha, aya inayofuata, swala ikiisha watawanyike katika ardhi watafute fadhila. Amri ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Zaidi ya hapo, katika Sahihi ya Muslim kuna katazo la kuutenga usiku wa Ijumaa kwa kisimamo maalumu na mchana wake kwa saumu. Mtu akibuni ibada ya saa 24 na kuibandika kwenye Ijumaa kila wiki, anastahili kuulizwa ameitoa wapi. Sioni tatizo akiifanya kama mazoezi ya nafsi, siku yoyote imfaayo, bila kuipa jina la dini.

Mafakihi waliibana ile amri ya kuacha biashara kwa uzito ambao video yangu haikuwa nao. Waliuliza dakika: inaanza na adhana ipi? Kwa sababu adhana ya awali ya Ijumaa iliongezwa wakati wa Uthman, watu walipokuwa wengi Madina. Walio wengi wakasema katazo linaanza kwa ile inayoadhiniwa imamu akiwa amekaa juu ya mimbari. Mahanafi wakasema ni tangu ile ya kwanza. Wakauliza tena: mtu akiuza wakati huo, mauzo yanasihi? Shafii, madhehebu ya wengi wetu huku, anasema yanasihi lakini muuzaji ana dhambi, na Mahanafi wako karibu na hapo. Kwa Malik na Ahmad mauzo yenyewe yanabatilika. Sasa fikirini kijana aliyekaa safu ya tatu, khatibu yuko mimbarini, naye ananunua bando la wiki kwa kidole gumba kwa sababu ofa inakwisha saa nane. Huyo ameuziwa kitu wakati wa wito. Na hata asiponunua, kuna hadithi ya Muslim kwamba mwenye kugusa changarawe wakati wa khutba amefanya upuuzi. Changarawe haiiti kwa sauti wala haina mwanga, na bado imetajwa.

Kwa hiyo nilipunguza. Badala ya saa 24 nikaweka vipande viwili: tangu mtu anapotoka kwenda kwenye swala ya Ijumaa mpaka anaporudi, simu ibaki chumbani, na saa moja baada ya isha ya siku hiyo, simu itumike kwa jambo moja tu, kuongea na watu wa nyumbani, au isitumike kabisa kama watu wa nyumbani wako karibu. Baadhi walisema ni kidogo mno, si mapumziko hayo. Huenda. Lakini katoni ilinifundisha jambo. Ijumaa ile, magharibi ilipoadhiniwa, sisi sita tulikuwa tumesimama nje ya ofisi tukimsubiri mweka hazina na ufunguo. Wawili kati yetu tulikosa rakaa ya kwanza. Mmoja wao ni mimi, na wakati huo sikujua lolote kuhusu dada. Nilitaka tu kuona makundi. Siku nzima nilikuwa nimeitumikia simu kwa kuihesabia saa.

Kuhusu dharura, tulijaribu mipango ya simu zenyewe. Ile hali ya kutosumbuliwa inaruhusu uchague watu ambao simu zao zitalia hata ukiwa umenyamazisha kila kitu. Pia ina kipengele cha mtu anayerudia: akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 kwa simu za Android, au dakika tatu kwa iPhone, inalia. Lakini msitegemee hilo kwa simu za kupitia programu za mtandao. Tulipojaribu, nyingine zilipita na nyingine hazikupita, kutegemea programu na mipango yake. Kilicho salama ni kumwambia mtu wako mapema saa utakazokosekana, na kwamba kwa dharura apige laini ya kawaida mara mbili. Saa ile ya baada ya isha haina tatizo hilo, simu iko mkononi. Vile vipande vya mchana, kama una mgonjwa nyumbani, nenda nayo msikitini ikiwa hivyo mfukoni na usione haya.

Palibaki ugomvi wa mwisho, wa picha. Mpiga picha wetu, kijana hodari, alitaka amrekodi mwanafunzi akilia katika sijda. Nilimuuliza, analia kweli au anaigiza? Kama anaigiza, tumefanya sijda kuwa mchezo wa kuigiza. Kama analia kweli, tumemharibia. Tukakubaliana hakutakuwa na uso wowote wala mtu anayeswali. Na hakutakuwa na maneno ya kuomba watu wapende au wasambaze, wala ile desturi ya kutangaza kwenye stetasi kwamba leo fulani hayupo hewani kwa ajili ya Allah. Katibu wa habari alilalamika kwamba hivyo haitafika mbali. Nilimjibu kwamba ikifika mbali kwa kuwafanya watu washike simu zaidi, imefika wapi? Hakufurahi, ila alikubali iwekwe Alhamisi baada ya alasiri, ili isije kumkuta mtu Ijumaa adhana inaadhiniwa.

Haya ndiyo maneno yaliyobaki.

Kioo cheusi. Sauti ya maji ya udhu.

"Ndugu yangu, dada yangu. Leo Alhamisi. Kuna mtu mmoja ambaye akikupigia ni lazima upokee. Mtaje moyoni."

Kimya, sekunde tano. Mkono unaandika jina kwenye karatasi; jina halionekani.

"Mpigie sasa, kabla ya video hii kwisha. Mwambie kesho kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane utakuwa kwenye swala ya Ijumaa. Akiwa na dharura, apige laini ya kawaida, mara mbili. Muulize kama kuna jambo analolisubiri kwako."

Viatu vingi mlangoni mwa msikiti.

"Kesho, ukitoka kwenda Ijumaa, simu ibaki chumbani, kifudifudi. Kama kuna mgonjwa, njoo nayo. Usinunue kitu, hata kwa kidole. Ukitoa salamu, angalia mkono wako unakwenda wapi."

Sahani kubwa ya wali, mikono minne. Kisha meza tupu, kikombe kimoja cha chai, na simu.

"Usiku, baada ya isha, saa moja ni yao. Kama wako karibu, kaa nao. Kama wako mbali, wapigie, na usifanye kingine chochote wakati wanazungumza. Wanajua unapofanya kingine."

Kioo cheusi.

"Video haijaisha, lakini kilichobaki ni giza tu. Unaweza kuondoka."

Giza, sekunde 30.

Ule mstari wa kumuuliza mtu kama kuna jambo analolisubiri kwako niliuongeza usiku wa mwisho, na ndio pekee ambao hakuna aliyeujadili kwenye kikao. Walijua umetoka wapi.

Video ilitoka Alhamisi baada ya alasiri. Saa tatu usiku dada akapiga kutoka Maskati, akiwa bado na mikono yenye maji, nasikia anajipangusa. Nilikuwa nimekwisha kumtumia na kumweleza kwamba likizo yake bado naiulizia. Akanicheka. Alisema ameiangalia mpaka mwisho, pamoja na lile giza.

"Nilisubiri," alisema, "nikidhani utatokea."